Kumshawishi mwenye duka aachane na picha za studio za bei mbaya: mwongozo kamili na skripti ya dakika tano

Kama kazi yako ni kuwatengenezea watu posti na matangazo, huyu mteja lazima umeshakutana naye: ana duka la mikoba ya kike Kariakoo, mzigo mpya unaingia kila baada ya muda mfupi, na kila ukiingia inabidi mikoba ipigwe picha upya ndo iende Instagramu na WhatsApp. Akipeleka studio hela inamtoka, akipiga mwenyewe anapigia pale pale kwenye kaunta, nailoni haijatolewa, nyuma inaonekana feni na ndoo ya maji, mteja akiangalia anapita tu. Mwongozo huu ni wa namna ya kuingia kwenye duka kama hilo na kumshawishi atumie picha zinazotengenezwa kwa akili mnemba, yani hii AI watu wanayoongelea, badala ya kulipia studio kila mzigo.

Nimechukua mikoba makusudi. Mkoba unasimama wenyewe, una umbo lake, mteja hahitaji kuona umemkaaje mtu mwilini ndo anunue. Nguo ni habari nyingine kabisa, ntaigusa huko chini.

Kitu kimoja ukielewe kabla ya chochote, maana skripti yote imesimama hapo: mkoba wenyewe unapigwa picha ya kweli, kwa simu, mkoba ule ule ulioko dukani. Kinachotengenezwa ni mazingira yake tu, meza, ukuta, mwanga, labda na kitambaa. Ukienda kumwambia mwenye duka kwamba mashine itamtengenezea picha ya mkoba kuanzia sifuri, ama atakataa na atakuwa sahihi, ama atakubali halafu wateja wamrudishie mizigo kwa sababu walichopokea sicho walichoona.

Hatua ya kwanza: pata namba zake, usiende na zako

Siku moja au mbili kabla, pita dukani kama mtu anayeulizia kazi, muulize mambo matatu tu. Mzigo uliopita alipigisha picha mikoba mingapi, alilipa kiasi gani jumla ukiweka na usafiri, na mikoba ilikaa huko siku ngapi. Hilo la siku wengi hawalihesabu ila ndo linalouma zaidi, maana mkoba ulioko studio haupo kwenye shelfu na mteja akiuulizia unamwambia subiri.

Tuchukue mfano ili uone hesabu inavyokaa. Tuseme alipeleka mikoba 20, akachajiwa 10,000 kwa mkoba, hiyo ni 200,000. Bajaji kwenda na kurudi 20,000, dada wa kushika mikoba kwenye picha 50,000. Jumla 270,000 kwa mzigo mmoja. Wewe tuseme unachaji 3,000 kwa mkoba, inakuja 60,000, anabakiwa na 210,000. Hizi ni namba za mfano, dukani kwake weka zile alizokutajia kwa mdomo wake, usiongeze hata mia. Mfanyabiashara akisikia namba yake mwenyewe hawezi kubishana nayo, ila akisikia namba uliyotoa kichwani anaacha kukusikiliza hapo hapo.

Na kwenye bei yako kumbuka kuweka bando, malipo ya apu kama unatumia ya kulipia, na muda wa kukagua kila picha. Watu wanachaji kidogo mno wakidhani kazi ni kubonyeza tu, wakifika mkoba wa kumi wanaanza kulipua.

Hatua ya pili: piga mkoba wake mmoja, na uupige vizuri

Siku hiyo hiyo muombe akuruhusu upige mkoba mmoja hapo hapo dukani. Chagua unaouzika, wenye rangi moja, wenye nembo ndogo au usio na nembo kabisa. Achana na wa kung'aa kama kioo na wenye shanga kwa kuanzia.

Toa nailoni na lebo ya bei, jaza magazeti ndani mpaka usimame wima, futa vumbi kwenye kona na kwenye zipu. Futa pia kioo cha kamera ya simu maana mafuta ya vidole ndo yanaleta ule ukungu. Weka karatasi nyeupe ya manila, upande mmoja ulale mezani na mwingine upandishwe ukutani bila kuikunja, usionekane mstari nyuma. Meza iwe karibu na mlango, kwenye kivuli, mwanga wa nje uingie kwa pembeni. Jua lisipige moja kwa moja na flashi usiwashe. Taa za dukani zima, kwa sababu mwanga wa taa ukichanganyika na wa nje mkoba wa kahawia unaanza kuonekana mwekundu au wa njano, na rangi ndo kitu cha kwanza mteja atakulaumu nacho.

Rudi nyuma kama mita moja na nusu, weka simu usawa wa katikati ya mkoba, halafu vuta kidogo, mara mbili kama simu yako inafika hapo bila kuharibu picha. Ukipiga kwa kusogelea sana sehemu ya mbele inavimba na mkoba unaonekana una tumbo. Kama mkoba ni mweusi na upande mmoja umezama gizani, shikilia karatasi nyingine nyeupe upande huo, mwanga utagonga na kurudi, na mishono itaonekana. Piga mbele, ubavuni, nyuma, ndani, na moja ya kuvuta bizimu. Halafu upime kwa rula urefu na upana, andika.

Kumbuka pia mwanga ulitoka upande gani, kulia au kushoto. Utahitaji hiyo sa hivi.

Hatua ya tatu: tengeneza mazingira

Hapa kuna njia mbili na watu wanazichanganya. Ya kwanza unakata mkoba kutoka kwenye picha yako kwa apu ya kutoa mandhari ya nyuma, mfano Photoroom au remove.bg, halafu unaubandika juu ya mandhari uliyotengeneza kwa akili mnemba. Uzuri wake ni kwamba mkoba haujachorwa upya, ni ule ule uliopiga. Ubaya ni kwamba unaweza kuonekana unaelea, kwa hiyo inabidi uongeze kivuli laini chini yake, na uangalie kingo za mikono ya mkoba maana apu nyingi zinasahau kutoa ule weupe ulioko katikati ya mkono na mkoba.

Njia ya pili unaipa apu kama Gemini au ChatGPT picha yako nzima na unaiambia ibadilishe mazingira. Kivuli na mwanga vinatoka vizuri sana, vinaonekana vya asili. Ila ujue kwamba hapo mara nyingi inachora picha yote upya, mkoba ukiwemo, na ndo sababu bizimu inabadilika umbo bila wewe kuona. Mi ushauri wangu, picha kuu ya bidhaa tumia njia ya kwanza, ya pili iwe ya stetasi na matangazo ya kuvuta macho, na bado uikague.

Maelekezo unaweza kuandika kwa Kiswahili tu, mfano hivi:

```
Tumia mkoba ulio kwenye picha kama ulivyo.
Usibadilishe rangi, umbo, mishono, bizimu, zipu wala maandishi.
Uweke juu ya meza ya mbao, nyuma ukuta mweupe.
Mwanga wa asubuhi utoke kushoto.
Usiongeze mtu, maua wala maandishi.
```

Hapo kwenye kushoto weka upande ule mwanga ulikotoka kwenye picha yako ya kweli. Mwanga wa mkoba ukitoka kushoto na kivuli cha meza kikaangukia huko huko kushoto, mteja hatajua kasoro ni nini ila atahisi picha ni ya uongo.

Ikishatoka, kagua. Weka picha mbili pembeni kwa pembeni, ya kweli na iliyotengenezwa, uzivute kwa vidole na uende kipande kwa kipande. Hesabu mikono ya mkoba, pete za chuma, na misumari ya mapambo kama ipo. Angalia bizimu ina tundu ngapi. Fuata zipu kutoka mwanzo mpaka mwisho uone haijapotelea kwenye ngozi. Soma nembo herufi kwa herufi, hapo ndo panaharibika sana, unakuta herufi zimegeuka vijiti visivyosomeka. Rangi usiilinganishe na picha, ilinganishe na mkoba wenyewe ukiwa umeushika. Kikikosewa kitu kimoja tu, picha hiyo tupa, tengeneza nyingine.

Kingine ni ukubwa. Pochi ndogo ya sentimita 18 ikiwekwa kwenye meza pana na kikombe kidogo sana pembeni itaonekana ni mkoba wa kubeba laptopu. Usiweke vitu pembeni visivyo na kazi, na kwenye maelezo andika vipimo ulivyopima, kila mara.

Hatua ya nne: skripti yenyewe

Dakika tano zinatosha. Duka la Kariakoo halina ukumbi wa mikutano, wateja wanaingia na kutoka, kwa hiyo nenda mapema kabla hapajachangamka, na usibebe laptopu. Simu yenye picha tatu, karatasi moja yenye hesabu, basi. Picha tatu zenyewe: ile aliyoposti yeye akiwa amepiga kwenye kaunta, ile yako ya karatasi nyeupe, na ile yenye mazingira. Hapa namwandikia mwenye duka ambaye ni mama mtu mzima, akiwa ni rika lako badilisha salamu na uite dada au kaka.

*Kuanza, nusu dakika:*

"Shikamoo mama. Habari za toka juzi? Nimekuja na kitu kimoja tu cha kukuonesha, dakika tano hazizidi, mteja akiingia mhudumie mi nasubiri. Ni kuhusu ule mkoba wa kahawia nilioupiga picha juzi, naomba uushushe tuuweke hapa."

Usianze na akili mnemba. Anza na mkoba wake, uwe mezani, ameushika.

*Tatizo, dakika moja:*

"Juzi uliniambia mzigo uliopita ulipeleka mikoba ishirini, ukatoa laki mbili na sabini, na ikakaa huko siku kadhaa. Mzigo unaokuja itakuwa hivyo hivyo. Na uliniambia iliyobaki hukuipeleka kwa sababu hela haikutosha, kwa hiyo hiyo iliyobaki hakuna mtu nje ya duka anayejua kama unayo. Nimekosea mama?"

Hapo nyamaza. Mwache aongee, anaweza akakuongezea shida ambayo hukuijua, mfano mkoba uliorudi na mchubuko.

*Kuonesha, dakika moja na nusu:*

"Sasa angalia hii, ndo ulivyoposti wewe. Hii ndo niliyopiga hapa mlangoni kwako kwa simu. Na hii ni picha ile ile, ila meza na ukuta vimetengenezwa na kompyuta. Mkoba sijaugusa, ni wako. Shika mkoba wako, hesabu mishono hapa kwenye mkono, angalia bizimu, halafu vuta picha uone kama kuna kilichobadilika."

Mpe simu aishike yeye. Hii ndo sehemu inayouza. Akikagua mwenyewe bizimu ya kwenye skrini na ya mkononi akaona ni moja, hamna maneno yako yatakayofikia hapo.

*Hesabu, nusu dakika:*

"Mikoba ishirini kwangu ni elfu sitini. Mikoba haitoki dukani, napigia hapa hapa asubuhi, picha unazipata kesho yake. Ile laki mbili na kumi inabaki kwako."

*Mipaka, nusu dakika. Usiiruke hii:*

"Ila mama kuna vitu sitakudanganya. Mkoba wenye shanga nyingi au wa kung'aa sana unasumbua, hiyo ntakuambia kabla. Ukitaka picha ya mtu ameuvaa, bora tumpige mtu wa kweli. Na bango kubwa la nje ya duka bado nenda kwa mpiga picha."

Watu wanaogopa kusema haya wakidhani watapoteza kazi, wakati ndo yanayomfanya mtu wa biashara akuamini. Na ni kweli tupu. Kwenye bango mfano, picha nyingi za apu hizi zinatoka na upana wa pikseli elfu moja na kidogo, ukiichapa kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi, pikseli 1,024 zinakupa kama sentimita 8.7 tu. Kwenye simu inapendeza, kwenye bango inakuwa ukungu.

*Kufunga, nusu dakika:*

"Naomba tujaribu mikoba mitatu tu, uchague wewe. Usinilipe mpaka uzione na uzikague. Nianze na ipi?"

Malizia na hilo swali la ipi. Ukimuuliza kama atapenda, atakuambia ngoja nifikirie, na hilo jibu ukishalipata ni ngumu kurudi.

Hatua ya tano: maswali atakayokuuliza

"Si wateja watasema picha feki?" Mjibu kwamba kwenye kila posti kutakuwa na picha ya pili na ya tatu za kweli, ile ya karatasi nyeupe na ile ya ndani ya mkoba, na kwenye maelezo mnaandika wazi "mandhari ya picha imetengenezwa kwa akili mnemba, mkoba ni halisi". Mwambie pia kwamba TikToki wanataka picha za namna hii ziwekewe alama, na Instagramu wakizigundua wanaweza kuziwekea alama wenyewe, kwa hiyo ni heri mteja asikie kwako kwanza.

"Hainiletei matatizo na serikali?" Swali zuri na lijibu kwa uzito. Tanzania kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inasimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC, na inakataza kumpotosha mlaji. Kubadilisha ukuta wa nyuma hakumpotoshi mtu kuhusu bidhaa. Kubadilisha ngozi bandia ikaonekana ngozi halisi, au kuongeza mfuko ambao haupo, hiyo ni kupotosha, na usikubali kuifanya hata akikulipa mara mbili. Vivyo hivyo usibandike nembo ya kampuni kubwa kwenye mkoba ambao si wa kampuni hiyo.

"Mpwa wangu ana simu nzuri, atanifanyia bure." Usimponde mpwa. Mwambie sawa kabisa, ampe mkoba mmoja na wewe mmoja, halafu mama mwenyewe akague bizimu, nembo na rangi za picha zote mbili. Kama mpwa yuko vizuri hiyo kazi ni haki yake. Mara nyingi lakini kinachokosekana ni ule ukaguzi, siyo apu.

"Na magauni je?" Hapa kataa, au weka masharti. Gauni mteja anataka kuona linavyokaa kiunoni na linavyoanguka, mashine inabuni hiyo mikunjo, haijui kitambaa ni kizito au chepesi. Kitenge ni balaa zaidi kwa sababu ua la kitenge linajirudia kwa mpangilio na mashine inauvuruga, ukiangalia haraka huoni, mteja akipokea anaona. Nguo mvalishe mtu, mpige mlangoni kwenye mwanga ule ule, inatosha.

Hatua ya sita: baada ya kukubali

Ile mikoba mitatu ipige asubuhi, itengeneze, na umrudishie kila picha ikiwa na ya kweli pembeni ili akague mwenyewe. Kwa posti ya Instagramu pikseli 1080 kwa 1350 inakaa vizuri, kwa stetasi 1080 kwa 1920. Mtumie kama dokumenti kwenye WhatsApp, ukituma kama picha ya kawaida inabanwa na inapoteza makali, halafu atadhani kazi yako ndo mbovu.

Jaribio lenyewe lifanyike kwa haki. Mkoba mmoja, wiki hii aposti picha ya zamani, wiki ijayo aposti mpya, siku ile ile na saa ile ile, bei isibadilike. Mwambie ahesabu ni watu wangapi wameuliza bei, na wangapi wamenunua. Mkoba mmoja hautoshi kuamua kitu, ndo maana unafanya kwa yote mitatu, na hata hapo muangalie kama kuna sikukuu au mwisho wa mwezi katikati maana vinaharibu hesabu.

Halafu kuna daftari la pili ambalo wengi hawaliweki: marejesho. Kila mteja akisema mkoba si kama wa kwenye picha, iandikwe ni mkoba upi na kilichotofautiana ni nini, rangi, ukubwa au bizimu. Wakilalamikia rangi rudi kwenye mwanga wako wa mlangoni na zile taa ulizosahau kuzima. Wakilalamikia ukubwa, vipimo viandikwe juu kabisa ya maelezo, kabla ya bei. Wakilalamikia umbo au bizimu, ile picha ishushwe siku hiyo hiyo, ya kweli ipande juu, na mkoba huo usiupitishe tena njia ya pili.